Pua Kwanza, Kisha Maziwa: Kwa Maintani Wapya wa Wodi ya Watoto

Jumatatu asubuhi nilipita vitanda vinne mfululizo vya watoto wenye bronkiolaitisi. Karatasi zote nne za dawa zilifanana: seftriaksoni, nebulaiza ya salbutamoli kila baada ya saa 4, na wawili wameongezewa deksamethasoni. Nikatafuta mstari unaosema mtoto anakula nini, kiasi gani, kwa njia gani. Haukuwepo hata kwa mmoja. Kwenye kitanda cha tatu, mrija wa oksijeni ulikuwa umebandikwa juu ya makamasi yaliyokauka, na hewa ikipulizia shavuni.

Wadogo zangu, nawapenda, na najua mlikesha. Lakini mvua zimeanza, wodi itajaa, na makosa haya nayajua kwa sababu niliyafanya yote kwa mtoto mmoja. Basi nisikilizeni.

1. Jueni kwanza kilichoziba.

Mara nyingi mhusika ni virusi, hasa RSV. Vinaanza na mafua ya kawaida, kisha vinashuka hadi kwenye vijia vidogo kabisa vya hewa. Kuta za vijia zinavimba, seli zilizokufa zinamomonyoka, ute unajaa. Kwa mtu mzima hiyo ni kero tu. Kwa mtoto wa miezi mitatu, kijia chenyewe ni chembamba mno, na kikipungua upana kidogo tu, kazi ya kuvuta hewa inaongezeka maradufu na zaidi. Hewa inaingia, inashindwa kutoka, kifua kinajaa kama mpira. Ndiyo maana mnapapasa ini chini ya mbavu na kukimbilia kuandika moyo umeshindwa: mapafu yaliyojaa hewa yamelisukuma ini chini. Lipapaseni pia ukingo wake wa juu, msikilize moyo, ndipo mwamue.

Na siku zihesabiwe. Mafua yakianza leo, kupumua huwa kubaya zaidi kati ya siku ya 3 na ya 5. Mtoto aliyeletwa siku ya 2 akiwa na nafuu bado hajafika kileleni.

2. Salbutamoli.

Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa intani katika hospitali moja ya wilaya mashariki mwa Uganda. Saa mbili usiku aliingia mama na jaja yake, yaani bibi, wakiwa wametoka kwenye boda, wamelowa, wamembeba mtoto wa wiki 14, kilo 5.2. Siku ya 3 ya mafua. Joto 37.9. Kipimo cha malaria hasi, mama alikuwa amepimwa VVU na kukutwa hana. Mtoto alipumua mara 66 kwa dakika, kifua kikibonyea, filimbi na michakacho pande zote mbili. Oksimita ilisoma SpO2, yaani kiwango cha oksijeni kwenye damu, asilimia 91.

Nilisikia filimbi, nikawaza pumu, nikaandika nebulaiza ya miligramu 2.5. Nebulaiza yetu iliendeshwa kwa oksijeni ya mtungi, lita 6 hivi kwa dakika. Mtoto akalia, akakohoa, na namba ikapanda hadi 96. Nikafurahi kweli. Nikamwambia mama, "Unaona? Dawa imeshika." Baada ya dakika ishirini ikarudi 90. Nikarudia. Ikapanda, ikashuka 88. Nikarudia mara ya tatu. Sasa moyo, ambao alipoingia ulipiga 158, ulikuwa 194, na vidole vilitetemeka.

Fikirini nilichokuwa nakiona. Namba ilipanda kwa sababu ya oksijeni iliyobeba mvuke, na kwa sababu kilio na kikohozi viling'oa ute kidogo. Salbutamoli inalegeza msuli uliokaza, na katika bronkiolaitisi tatizo kubwa si msuli. Mlango umezuiwa na tope, mimi nalegeza kamba ambayo haikuufunga. Isitoshe, dawa ile hupanua mishipa ya damu hata kwenye sehemu za pafu zisizofikiwa na hewa, damu ikapita huko bila kuchukua oksijeni. Mtoto akazidi kushuka, na mimi nikaita kushuka huko sababu ya kuongeza dozi.

Kati ya dozi ya pili na ya tatu mama alinishika mkono. "Musawo, mtoto hajanyonya tangu mchana. Anashika titi, anaachia, analia." Maneno hayo ndiyo yalikuwa utambuzi wote niliouhitaji usiku ule: pua imeziba, na mtoto wa umri huo hupumua kwa pua hasa, hawezi kunyonya na kuhema kwa wakati mmoja. Nilimjibu, "Ngoja kwanza dawa ifanye kazi."

Kisha nikatafuta mshipa kwa ajili ya seftriaksoni. Nilimchoma mara saba. Kila mchomo alilia, na kila kilio kilimla nguvu ambayo hakuwa nayo. Nikapata kanula, nikachoma dawa, nikaandika kwa mwandiko mzuri, nikaenda kuona mgonjwa mwingine.

Saa nane usiku mama, kwa huruma yake, alijaribu tena kumnyonyesha. Mtoto alikuwa amechoka. Maziwa yakapita njia isiyo yake, akakaba, akaacha kupumua. Nilisikia jaja akipiga kelele nikiwa mwisho wa wodi.

Aliyemwokoa ni sista wa zamu, mama mtu mzima aliyekuwa na miaka mingi kwenye wodi ile. Aliniwahi. Alimgeuza ubavu, akavuta maziwa na makamasi, akamweka shingo sawa, akampulizia kwa mfuko na barakoa pumzi kama kumi hivi, mpaka mtoto akalia. Akamwekea oksijeni ya lita 1 kwa mrija wa puani. Ndipo akachukua sirinji, akavuta maji ya chumvi kutoka kwenye chupa ya dripu, akadondosha matone mawili matatu kila tundu la pua, akasubiri kidogo, akanyonya kwa kifyonzi cha mpira pale mlangoni tu. Ukatoka uzi mrefu wa kamasi. Tulipohesabu pumzi tena, dakika nzima, mtoto ametulia kifuani kwa mama, zilikuwa 56. SpO2 94.

Sista hakunisema. Aliniuliza tu, "Musawo, pua uliitazama?"

Sikuwa nimeitazama. Nimeshaona watoto mia kadhaa tangu hapo na bado swali hilo linanirudia. Dozi zile tatu zenyewe hazikumsimamisha pumzi. Saa sita nilizozitumia kushughulika nazo ndizo zilizofanya hivyo. Nilikuwa na kitu cha kufanya, kwa hiyo sikuona kilichohitaji kufanywa.

Mtaniuliza: hakuna hata mtoto mmoja anayesaidika? Wapo wachache, na kwa kawaida ni wale waliopita mwaka mmoja, wenye filimbi ya kurudi mara kwa mara, na pumu au ukurutu katika familia. Huyo ni mtoto mwingine, na hata kwake mnapima kabla, mnapima baada, na dawa isipobadilisha chochote mnaikata kwenye karatasi. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliruhusu kujaribu dozi moja na kutazama. Mwaka 2014 kikaliondoa hata jaribio hilo, kwa kuwa salbutamoli haikuwa inafupisha ugonjwa wala siku za kulazwa. Deksamethasoni nayo haisaidii bronkiolaitisi.

3. Antibiotiki.

Sitaki kusikia mkiwadharau wenzetu wa vituo vya afya vya chini. Mwongozo unawaambia kuwa mtoto wa miezi 2 hadi 12 anayepumua mara 50 au zaidi achukuliwe kuwa na nimonia apewe amoksilini. Wavu huo umefumwa mpana makusudi, kwa sababu nimonia ya bakteria inaua na pale hakuna picha wala oksimita ya uhakika. Ninyi mko hospitali. Mkishaona mafua yaliyotangulia, filimbi na michakacho pande zote mbili, homa ndogo, umri chini ya mwaka, mna haki na wajibu wa kusema hii ni virusi, na kuacha sindano.

Wakati wa kutoa upo. Homa ya 39 inayoendelea, michakacho upande mmoja tu, mtoto aliyelegea kupita kiasi cha kuhema kwake, aliyepata nafuu kisha akageuka ghafla, au aliye mahututi kiasi kwamba kukosea kunaweza kumgharimu uhai: hao toeni, na kesho yake mjiulize tena kama bado inahitajika. Mwenye chini ya miezi 2 akiwa na dalili za hatari anafuata mwongozo wa maambukizi makali ya watoto wachanga, bila mjadala. Na mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, SpO2 iko chini sana huku kifua kikisikika karibu safi, msimwite bronkiolaitisi. Fikirieni nimonia ya pneumosistisi, mwanzisheni kotrimoksazoli ya dozi kubwa usiku huo huo.

Mtoto wangu wa wiki 14 hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Alichopata kutokana na seftriaksoni ni michomo saba na kuhara siku mbili.

4. Maziwa.

Asubuhi ile sista alinifundisha hesabu. Kilo 5.2 kwa mililita 100 ni 520 kwa siku, sawa na 65 kila baada ya saa 3. Lakini mtoto anayehema hivyo mwili wake hushikilia maji, kwa hiyo tulianza na theluthi mbili, takriban mililita 43 za maziwa ya mama ya kukamuliwa. Mrija tuliupitisha mdomoni, tusije tukaziba tundu moja la pua tuliyoihangaikia. Tulimwaga polepole kwa uzito wake, hatukusukuma kwa sirinji. Siku ya 6 ya ugonjwa alivumilia 65, siku ya 7 akarudi kwenye titi.

Anayepumua zaidi ya mara 60 hadi 70, au anayeachia titi ili aheme, msimlazimishe kunyonya. Mrija ukishindikana kwa sababu anatapika au anazidi kuchoka, hapo dripu ina nafasi yake, yenye chumvi kamili pamoja na sukari, na kiasi kidogo.

5. Mengine kwa kifupi.

Oksijeni kwa SpO2 chini ya 90, na angalieni kama mrija umeingia puani kweli. Safisheni pua kabla ya kila mlo na kabla ya kuhesabu pumzi. Msiingize mrija wa kunyonya hadi kooni, uvimbe utazidi. Njiti na wachanga wa chini ya miezi 2 wanaweza kusita kupumua bila onyo, kaeni nao karibu na meza ya sista. Anayeguna, anayetoka jasho, ambaye kichwa kinatikisika kwa kila pumzi, mwiteni mkubwa mapema kwa ajili ya CPAP, mashine inayosukuma hewa puani kwa shinikizo, kabla mtoto hajanyamaza. Kunyamaza kwa mtoto aliyekuwa akihema sana si nafuu.

Na mnaporuhusu, ananyonya vizuri, anashikilia 90 na zaidi bila oksijeni hata akiwa usingizini, mwambieni mama kwamba kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili hadi tatu. Mama wa yule mtoto wa wiki 14 sikumwambia. Alirudi siku ya 12 akiwa na chupa ya amoksilini na sharubati ya kikohozi kutoka duka la dawa, pesa aliyokopa kwa dada yake, na mtoto mnene anayecheka, anayekohoa mara chache usiku. Nilimpima, nikahesabu pumzi 38, kisha nikakaa naye kwenye benchi nikamweleza yale niliyopaswa kumweleza siku ya kuondoka, huku mtoto akivuta oksimita yangu kwa mkono wake mmoja.