Risala ya dakika mbili kwa walimu: ushauri kwa kiranja wa darasa

Siku ya Walimu Duniani ni tarehe 5 Oktoba, na kiranja akipewa dakika mbili za kusema kwa niaba ya darasa, aandike maneno yasiyozidi 200. Zaidi ya hapo atalazimika kukimbia, na kipaza sauti cha paredi hummeza anayekimbia.

Muda hupotea kwanza kwenye itifaki. Ukimtaja mgeni rasmi, mkuu wa shule, makamu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu na wajumbe wa bodi mmoja mmoja, nusu dakika imekwisha. Anza hivi: "Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu wapendwa, shikamooni." Inatosha, maana mshereheshaji ameshawatambulisha. Historia ya siku yenyewe, kwamba ilianza kuadhimishwa mwaka 1994, mwachie yeye pia.

Sehemu inayobeba risala ni ya katikati, na haiandikwi na mtu mmoja. Siku nne kabla, gawa vikaratasi darasani. Kila mwanafunzi aandike jambo moja ambalo mwalimu alilifanya, si sifa zake. "Ni mchapakazi" weka kando. Tafuta kama hili: "Alirudia kipeo cha pili jioni, tukiwa watano tu, mpaka wa mwisho akaelewa." Kwenye vikaratasi arobaini utapata vitatu au vinne vya namna hiyo. Hivyo ndivyo risala.

Hapo ndipo kuna mtego. Ukitaja majina matatu, walimu kumi na wawili waliobaki watasikia wameachwa, na mwaka mzima uliobaki unaishi nao. Taja tendo bila jina:

"Yupo aliyebaki jioni kurudia kipeo cha pili kwa watu watano. Yupo aliyesahihisha insha zetu zote na kuandika pembeni kosa liko wapi, badala ya kuweka alama tu. Yupo aliyegundua mwenzetu haji shule, akaenda kwao kuuliza. Walimu wetu, tuliyaona."

Mhusika atajijua, wenzake watamjua, na hakuna aliyerukwa. Ila jambo la nyumbani kwa mwanafunzi, kama hilo la tatu, muulize kwanza mwenyewe. Akisita, liondoe.

Usichomeke maombi. Risala za shuleni zimezoea kufika kwenye "changamoto": madawati, maji, vitabu. Siku hiyo shukrani ikifuatwa na ombi huonekana ilikuwa utangulizi wa ombi. Hayo yapelekeni kwenye baraza la shule.

Mpe mwalimu wa Kiswahili aipitie lugha. Kisha isome kwa sauti ukishika saa. Sentensi inayokukata pumzi igawe mara mbili. Inakili kwa herufi kubwa upande mmoja wa karatasi, usimame kipaza sauti kikiwa kiganja kimoja kutoka mdomoni, na baada ya "tuliyaona" nyamaza kidogo, kwa sababu darasa litapiga makofi.