Maswali yanayotangulia sura: jinsi ya kumpelekea direkta rasimu ya memwari

Kwa ninyi mnaoanza kuandika memwari hapa Bukavu, ningependa kuzungumzia karatasi moja tu, ile inayotangulia sura mnapoipeleka kwa direkta au kwa asistenti anayewaongoza. Wengi huandika, "Bwana Profesa, naomba unisomee sura ya tatu," kisha hungoja. Direkta mwenye rundo la kazi mezani hurekebisha kinachoonekana kwanza, yaani tahajia, alama za vituo na sentensi zilizorefuka mno, na sura hurudi imejaa wino mwekundu ilhali kasoro ya msingi haijaguswa. Kasoro hiyo huja kuibuliwa na jopo siku ya utetezi, wakati ambapo hakuna tena nafasi ya kurudi kukusanya takwimu.

Chukueni mfano wa mwanafunzi anayechunguza mapato ya akina mama wanaouza sambaza katika soko la Kadutu. Ameambiwa kwa makadirio kwamba wauzaji ni 400, naye ametumia kanuni inayoonekana katika memwari nyingi, n = N / (1 + N × e²). Akiweka kosa la asilimia 5, yaani e = 0,05, kanuni inamdai watu 200; akiweka asilimia 10, inamdai 80. Amechagua asilimia 10 kwa sababu 80 ndio aliowamudu, akawahoji wale aliowakuta sokoni asubuhi. Hesabu yenyewe ni sahihi, na ndiyo maana msomaji mwenye haraka huipita bila kusimama. Lakini kanuni hiyo huchukulia kwamba watu wamechaguliwa kwa bahati nasibu, na hapa hapakuwa na orodha yoyote ya kuchagulia. Tena sambaza huvuliwa usiku, kwa hiyo anayehoji asubuhi peke yake huelekea kukutana zaidi na wauzaji wa sambaza mbichi, wanaolazimika kuuza kabla haijaharibika, huku wauzaji wa sambaza kavu, wanaoweza kungoja bei ipande, wakipungua katika sampuli yake. Wastani wa mapato atakaoutoa hauwezi kusemwa kuwa ni wa soko zima.

Mwanafunzi huyo akiuliza, "Je, sampuli yangu inafaa?", atajibiwa "ndiyo, endelea", na hatakuwa amepata kitu. Swali linalomsaidia direkta lingeandikwa hivi:

"Katika 3.2, aya ya pili, nimepata watu 80 kwa kanuni, lakini niliwahoji niliowakuta asubuhi, bila orodha. Naona njia mbili: kurudi sokoni alasiri ili kuongeza wauzaji wa sambaza kavu, au kuiondoa kanuni, kusema wazi kwamba hii ni sampuli ya waliopatikana, na kuyawekea matokeo mpaka huo. Mimi naelekea kwenye njia ya pili, kwa kuwa fedha za kurudi sina. Ukiikubali, majedwali ya sura ya nne yatabaki, ila hitimisho kuhusu soko zima litaondoka. Je, unaikubali?"

Swali hili linataja mahali, linaeleza njia zilizopo, linaonyesha msimamo wa mwandishi, na linasema ni kipi kitakachobadilika. Direkta anaweza kulijibu kwa aya moja tu, hata kama hajamaliza sura. Kipimo changu ni hiki: swali ambalo jibu lake, liwe lolote, halitabadilisha hata mstari mmoja wa kazi yenu, lifuteni.

Maswali matatu yanatosha, na lile linaloweza kuiangusha sura liwe la kwanza. Ongezeni sentensi moja ya kusema sehemu gani bado ni mbichi, kwa mfano utangulizi wa sura ambao mtauandika upya, ili kalamu isipotelee huko. Hata hivyo, msimfunge mikono: mwombeni aseme pia kama ameona tatizo kubwa ambalo hamkuliuliza, kwa maana kasoro tusizoziona sisi wenyewe haziwezi kuingia katika maswali yetu.

Kuhusu kutaja mahali, tumieni namba ya kifungu na aya kuliko ukurasa. Faili ya Word ikifunguliwa kwenye simu, kurasa mara nyingi husogea, na "ukurasa wa 27" wenu huwa si wake. Pelekeni PDF pamoja nayo. Kwa direkta anayesoma kwenye karatasi, maswali yawe ukurasa wa kwanza kabisa, yakiwa yamebanwa pamoja na sura, kwa sababu ujumbe uliobaki kwenye simu hatakuwa nao atakaposhika kalamu.

Jibu likifika kwa mdomo, koridoni au kwa simu, liandikeni siku hiyohiyo na kumrudishia kwa mistari michache: "Nimeelewa kwamba niondoe kanuni katika 3.2 na nirekebishe hitimisho." Akiwa alimaanisha jingine, atawasahihisha kabla hamjaigusa sura ya nne.