Nikiwa njiani, mlinzi akisoma

Ndugu Mhariri, jana nilimtumia bosi ujumbe huu: "Nikikuwa njiani kuja ofisini nilimwona mlinzi alisoma gazeti getini." Alijibu kwa alama ya kuuliza tu. Nimekosea wapi?

Ningeandika: "Nikiwa njiani kuja ofisini nilimwona mlinzi akisoma gazeti getini."

Tuanze na "nikikuwa". Bila shaka umeifuata "nilikuwa", ila hizo mbili hazifanani. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiambishi -li- hakibebi mkazo, ndiyo maana -ku- hubaki katika "nilikuwa" na "alikula" ili kuubeba. -ki- huubeba chenyewe, kwa hiyo -ku- haina kazi: nikiwa, akila, wakija.

Kosa lililomchanganya bosi, nadhani, ni "alisoma". "Nilimwona mlinzi alisoma" ni matendo mawili yaliyokwisha, yamewekwa pamoja bila kuungwa. Ulitaka kusema kwamba macho yako yalimkuta katikati ya kusoma, na hiyo ndiyo kazi ya -ki-. Wakati wenyewe umeshatajwa na "nilimwona". "Akisoma" inauegemea tu. Na hapo uangalie kiambishi cha nafsi, maana ndicho kinachosema nani alikuwa na gazeti. Ungeandika "nilimwona mlinzi nikisoma gazeti", msomaji ni wewe. Utata huja pale wote wawili wanapokuwa nafsi ya tatu: "Bosi alimwona mlinzi akisoma." Wengi wataelewa kwamba mlinzi ndiye aliyesoma, kwa sababu ndiye aliye karibu na kitenzi. Kama ni bosi, kitangulize kitenzi hicho: "Akisoma gazeti, bosi alimwona mlinzi."

Sasa, sarufi ikishanyooka, bado kuna jambo ambalo mimi kama bosi ningeliuliza. Geti ni la ofisi yenu? Kama ulimwona kupitia dirisha la daladala kabla hujashuka, "nikiwa njiani" inafaa. Lakini kama ulikuwa umesimama mbele yake, safari ilikuwa imekwisha, na -ki- inaendelea kukuweka barabarani. Hapo tumia -po-: "Nilipofika ofisini nilimkuta mlinzi akisoma gazeti getini."

Usije pia ukaipachika -ki- kwenye kila kitenzi kinachofuata "nilimkuta". Vitenzi vya mkao, kama kulala, kukaa na kusimama, huchukua -me- tunapoeleza hali ambayo mtu tayari yumo. Mlinzi akiwa usingizini, andika "nilimkuta amelala". "Nilimkuta akilala" humwonyesha ndiyo kwanza anajinyoosha, na kwa mlinzi wa zamu hizo ni kesi mbili tofauti.