Kufuta akaunti ya Uber baada ya kurudi Lubumbashi

«Niliondoa Uber kwenye simu niliporudi kutoka Nairobi. Je, anwani na kadi yangu ya benki vimefutika?»

Ndugu, havijafutika, kwa sababu uliondoa programu tu, ilhali akaunti imebaki kwenye seva. Isakinishe tena na uingie. Ikiwa msimbo wa uthibitisho unatumwa kwenye namba ya Kenya usiyo nayo tena, jaribu kuingia kwa barua pepe, kisha uweke namba yako ya +243.

Ukishaingia, pakua kwanza historia ya safari ikiwa kazini watakudai risiti. Lipa deni lolote lililobaki, uondoe kadi, halafu ufute anwani za nyumbani na kazini. Usiruke hatua hizi za mkono, maana ombi la kufuta akaunti, linalopatikana kwenye Settings sehemu ya Privacy, huzima akaunti kwa siku 30 kabla ya kuifuta kabisa, na ukiingia tena ndani ya siku hizo inafufuka pamoja na vyote ulivyoviacha. Baadhi ya kumbukumbu za safari na malipo kampuni huendelea kuzihifadhi pale sheria inapoitaka.