Friji bado iko?

"Bado iko? Niwekee hadi mwisho wa mwezi."

Iko, ndugu, hapa Kondele. Namwekea aliyetuma deposit ya 2,000 kwa M-Pesa, hadi Jumamosi saa kumi jioni. Mwisho wa mwezi ni mbali mno. Picha ya ujumbe wa malipo siihesabu, hizo hughushiwa. Naangalia salio langu. Anayesema wa kwanza kuuliza ndiye mwenye haki yuko nusu sahihi: foleni naifuata, lakini ni ya waliolipa. Ukija utaikuta imewashwa tangu asubuhi, ufungue uone barafu. Isipogandisha, 2,000 yako yarudi yote. Ukighairi tu, nabaki na 500. Dada wa Ahero uliyeuliza usafiri, elewana na mwenye pikapu.