Mwenyekiti anataka niandike "alikiri" wakati jamaa hakusema hivyo

Swali: Habari mkuu. Niko HR kwenye depo ya saruji hapa Kigoma mjini. Juzi nilikuwa katibu wa kikao cha nidhamu cha mtunza stoo, mifuko 23 haionekani. Draft yangu ina kurasa 6, mwenyekiti karudisha, anataka nifupishe, niandike "mtuhumiwa alikiri, na alionekana kuwa na hatia." Mzee mwenyewe alisema "funguo nilimpa Juma, mifuko sikuihesabu." Nifanyeje?

Jibu: Usiandike hivyo ndugu yangu. Shida inaanzia kwenye jina lenyewe, tunaita "muhtasari" basi kila mtu anadhani kazi ya katibu ni kufupisha. Salamu na sala ya kufungua fupisha hata kwa mstari mmoja, ila pale ushahidi unapoanza andika maneno yalivyotoka mdomoni.

Iangalie kauli ya mzee vizuri. Kasema vitu viwili, kwamba alitoa funguo na kwamba hakuhesabu. Hapo labda kuna uzembe, labda kavunja utaratibu wa stoo, ila kuchukua mifuko hakusema popote. Ukiandika "alikiri" umeshamhamisha kutoka uzembe kwenda wizi, na hayo ni makosa mawili tofauti yenye ushahidi tofauti na mara nyingi adhabu tofauti, tena umemhamisha wewe katibu ambaye huna hata kura pale.

Kitu kingine watu wanasahau ni swali. Usiandike jibu peke yake. Nimeshaona muhtasari umeandikwa "akajibu ndiyo", ndiyo ya nini sasa? Andika hivi:

Mwenyekiti: Siku hiyo funguo za stoo alikuwa nazo nani?
Mtunza stoo: "Funguo nilimpa Juma, mifuko sikuihesabu."
Mwenyekiti: Kwa nini hukuhesabu?
Mtunza stoo: (alikaa kimya, swali likarudiwa) "Gari lilikuwa linasubiri."

Umeona hapo kwenye kimya? Kukaa kimya ni kitu kilichotokea, kila aliyekuwa chumbani alikiona, andika. Ila "alionekana kuwa na hatia" ni mawazo ya mtu. Huenda mzee kachoka, huenda presha imepanda. Vivyo hivyo "alidai", "alijitetea kwa uongo", "alishindwa kueleza", hayo yote yana hukumu ndani yake, weka "alisema" yatosha. Akitukana nalo andika tusi lilivyo, usimsafishe wala usimchafue.

Na huko kwetu Kigoma mtu akipandwa na hasira anahamia Kiha katikati ya sentensi. Hapo andika kwamba alijibu kwa Kiha na nani alitafsiri, maana kesho akisema sikusema hivyo, mtajua pa kuanzia.

Sasa mwambie mwenyekiti kwa nini, kwa upole tu, bosi ni bosi. GN namba 42 ya 2007, yaani kanuni za serikali za utendaji mzuri kazini, kwenye kanuni ya 13 inataka ushahidi uletwe kwenye kikao, mfanyakazi apate nafasi ya kujibu na kuwauliza maswali mashahidi, halafu akikutwa na kosa apewe nafasi ya kuomba apunguziwe kabla adhabu haijaamuliwa. Mpangilio huo lazima uonekane kwenye karatasi. Neno "hatia" likitokea ukurasa wa 2 wakati shahidi wa mwisho yuko ukurasa wa 5, anayesoma ataona mlishaamua mkiwa bado mnasikiliza. Maoni ya mwenyekiti yana sehemu yake, mwishoni, kwenye uamuzi wenye sababu, na hapo akitaka kuandika kwamba hakuamini maelezo ya mzee aandike kwa jina lake na aseme kwa nini.

Mzee akiachishwa kazi ana siku 30 za kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, na kule kuthibitisha kwamba kuachishwa kulikuwa kwa haki ni mzigo wa mwajiri. Muhtasari wenu unakuwa kielelezo, na wewe unaweza kuitwa. Utaulizwa swali moja tu, neno "alikiri" alilitamka nani? Ukisema mwenyekiti, umemaliza kesi ya kampuni yako, ukisema mzee, umedanganya.

Kwa hiyo zile kurasa 6 ziache. Mpe mzee na mwakilishi wake wasome, wasaini kila ukurasa. Wakipinga sentensi usifute, andika pembeni kwamba wanapinga na wanasema ilikuwaje, wasaini hapo. Akigoma kusaini andika "amekataa kusaini" na tarehe, bila kuongeza kwamba ni jeuri. Notisi zako za mkono za siku ile usizitupe, bana kwenye faili hata kama mwandiko ni wa kuku.