Q yangu imeenda wapi? Koili na kapasita mfululizo

"Nimeunga koili ya mikrohenri 200 na kapasita ya pikofaradi 127 mfululizo, nipate resonansi ya 1 MHz. Multimita inasoma omu 2 kwenye koili, kwa hiyo kwa hesabu Q ni zaidi ya 600. Nimetumia jenereta ya mawimbi na osiloskopu kwenye kapasita: kilele kimekuja 946 kHz, ni kipana, na Q naipata 19. Koili ni mbovu?"

Mkuu, koili yako haina ubaya. Namba zako zenyewe zimeshataja wahusika, na ni watatu: jenereta, probu, na hizo omu 2 ulizoziamini.

Kwanza tuone saketi inavyochagua masafa, maana hapo ndipo Q inapoeleweka. Kwenye 1 MHz koili yako inauzuia mkondo geu kwa omu 1257 hivi, na kapasita nayo inauzuia kwa omu hizohizo 1257. Ila volteji zao zinapingana: ya koili ikiwa juu kabisa, ya kapasita iko chini kabisa. Zikijumlishwa zinafutana, na jenereta inabaki kukabiliana na ukinzani mtupu, yaani waya na chochote kingine kilichomo njiani. Nishati nayo inapokezanwa, mara iko kwenye koili, mara kwenye kapasita, na jenereta inafidia kile tu kinachopotea kuwa joto.

Sasa sogea pembeni kwa asilimia 1, uende 1010 kHz. Uzuiaji wa koili unapanda kwa asilimia 1, wa kapasita unashuka kwa asilimia 1, na tofauti yao inakuwa omu 25. Hizo omu 25 zinatokana na L na C peke yake, upotevu wa saketi hauzigusi. Swali ni zinajumuika na nini. Kama ukinzani wote wa saketi ni omu 12.5, basi omu 25 ni mzigo mkubwa: mkondo unaanguka hadi kama asilimia 45 ya kilele. Kama ukinzani ni omu 62.5, omu 25 hazisikiki sana, na mkondo unabaki asilimia 93. Kwa hiyo kwenye redio, stesheni iliyo 10 kHz pembeni inapita karibu kama ile unayoitaka. Q ndiyo inayotaja uwiano huo:

```
f0 = 1/(2π√(LC))
Q  = 2πf0L / R
upana wa bendi = f0 / Q
```

R hapo ni ukinzani wa duara lote la saketi. Watu wengi huweka wa koili tu wakaishia hapo.

Turudi kwako. Kwenye 946 kHz koili yako inauzuia mkondo kwa omu 1188 hivi. Gawanya kwa Q ya 19 uliyopima, unapata 62.5. Jenereta nyingi za maabara zina ukinzani wa ndani wa omu 50, na huo uko mfululizo na saketi yako upende usipende. Toa 50, zinabaki 12.5. Huo ndio ukinzani halisi wa koili yako kwenye masafa haya, pamoja na upotevu mdogo wa kapasita.

Kwa nini multimita ilisema 2? Kwa sababu multimita inapima kwa mkondo mnyoofu. Kwenye 1 MHz mkondo haupiti katikati ya waya wa shaba, unakimbilia kwenye ngozi yake, na mizunguko iliyobanana inausukuma zaidi upande mmoja. Shaba inayofanya kazi inabaki kidogo. Kama koili ina kiini cha feraiti, nacho kina upotevu wake ambao multimita haiwezi kuuona kabisa. Q halisi ya koili yako ni karibu 100, na kwa koili ya kawaida hiyo ni Q nzuri tu.

Kuhusu 946 badala ya 1000: kwa kilele hicho, jumla ya kapasita inatakiwa iwe karibu pikofaradi 142. Zimezidi 15, na hiyo ni kapasita ya kawaida ya probu ikiwa kwenye x10. Kidogo inaweza kutoka kwenye koili yenyewe na waya zako. Mimi niliwahi kufanya kioja zaidi: probu ilikuwa kwenye x1, ambayo pamoja na kebo yake inaongeza kama pikofaradi 100. Kilele kilikuja karibu na 750 kHz badala ya 1 MHz. Nikabadilisha kapasita tatu nikidhani zimeandikwa uongo. Nilishtuka pale mkono wangu uliposogea karibu na kebo na kilele kikahama chenyewe.

Dawa ninayoitumia ni kutoigusa kapasita kabisa. Hamishia probu kwenye mdomo wa jenereta, pale saketi inapoanzia. Hapo hutafuti kilele, unatafuta shimo, kwa sababu kwenye resonansi saketi inageuka kuwa ukinzani mdogo na kuivuta chini volteji ya jenereta. Pikofaradi 15 zikiwa sambamba na omu 12.5 hazibadilishi kitu, kwa hiyo masafa ya shimo ni ya saketi yako halisi. Na kina chake kinakupa R bila kufungua kitu: kama jenereta ikiwa haina mzigo inatoa volti 1, kwako shimo litafika kama milivolti 200, maana 12.5 kwa 62.5 ni moja ya tano. Zungusha kitufe cha masafa polepole. Shimo ni jembamba, ukienda kwa hatua kubwa utaliruka.

Ukitaka kuona Q yenyewe kwenye kapasita, weka rezista ya omu 1 sambamba na mdomo wa jenereta, halafu saketi ianzie hapo. Saketi sasa inaona chanzo cha karibu omu 1 badala ya 50. Volti 1 inabaki kama milivolti 20, ila usiogope, kwa kuwa kwenye kapasita volteji inazidishwa kwa Q. Utaona karibu volti 1.7 na upana wa bendi utashuka kutoka 50 kHz hadi 11 kHz hivi. Kilele bado kitakaa karibu na 946 maana probu bado ipo. Punguza kapasita hadi pikofaradi 112 kama unataka kukiona kwenye 1 MHz, na uirudishe ukitoa probu.

Huko kuzidishwa kwa volteji kuwe na adabu. Volti 10 kwa Q ya 90 ni volti 900 kwenye kapasita, na kapasita ndogo ya volti 50 haitakusubiri uzime.

Na hiyo Q ya 600 uliyoitarajia, kwa redio ya AM ungeijutia. Upana wa bendi ungekuwa kama 1.6 kHz, wakati sauti ya hadi 4.5 kHz inahitaji 9 kHz, nusu kila upande wa wimbi mbebaji. Mtangazaji angesikika kama anaongea ndani ya blanketi. Kwa 1 MHz hiyo 100 ya koili yako ndiyo ningeitafuta.